Jumatatu 61 za "sawa": kisa cha kengele ya moto iliyojaribiwa kila wiki na bado ikashindwa

Kisa hiki kilitokea katika hosteli binafsi ya wanafunzi, kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina la jengo, la mwenyewe na la watu waliohusika nimeyaondoa. Mimi ni fundi wa mifumo ya kengele za moto. Niliitwa siku tano baada ya tukio, kwa hiyo habari za usiku ule nimezipata kwa walioshuhudia. Vipimo vyote vilivyomo humu nilivichukua mwenyewe.

## Usuli

Hosteli ina ghorofa nne na wakazi wanaokaribia 140. Kengele ya moto ilifungwa miaka mitano kabla ya tukio. Ni mfumo wa kawaida wa zoni, si ule wa kisasa unaokutajia jina la kila kifaa. Kila ghorofa ni zoni moja, yenye laini yake moja ya waya inayotoka kwenye paneli. Laini hiyo inapita kwenye vitambuzi moshi vya korido na vile visanduku vyekundu vya ukutani ambavyo hapa nitaviita vitufe vya dharura, na mwishoni kabisa imefungwa rezista ndogo. Kazi ya rezista hiyo ni kuithibitishia paneli kwamba waya ni mzima hadi mwisho. Waya ukikatika katikati, paneli haiioni tena rezista, na taa ya njano ya zoni hiyo inawaka.

Vitufe vyote ni 11, na ving'ora ni 24. Paneli imo kwenye kabati la mbao chini ya ngazi, jirani na mlinzi wa zamu. Ndani yake mna betri mbili za volti 12 zenye ujazo wa ampea-saa 7 kila moja, zimeunganishwa kwa mfuatano ili zitoe volti 24. Ni zile betri za risasi zilizozibwa ambazo hazihitaji kuongezwa maji. Jenereta ya hosteli ni ndogo na inaendesha pampu ya maji peke yake, kwa hiyo umeme ukikatika kengele inategemea betri hizo mbili tu.

Kulikuwa na utaratibu, tena uliofuatwa. Kila Jumatatu saa 4 asubuhi mlinzi wa mchana alijaribu kengele, akaandika kwenye daftari tarehe, neno "sawa" na sahihi yake. Nilihesabu mistari 61 bila wiki hata moja kurukwa. Nimewahi kuona majengo makubwa zaidi ya lile ambayo daftari lake lina kurasa tatu, mbili zikiwa za namba za simu.

## Usiku wa tukio

Umeme ulikatika saa 1 jioni, siku ya Alhamisi. Paneli ikaanza kupiga mlio wake mdogo wa hitilafu, mlinzi wa usiku akabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Ndivyo alivyofanya kila umeme ulipokatika, na pale unakatika mara kwa mara. Taa ya njano ikabaki inawaka, na hilo nalo lilikuwa la kawaida.

Kwenye saa 10 alfajiri mwanafunzi mmoja wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa anajisomea kwa mshumaa, alipitiwa na usingizi. Mshumaa ulikuwa juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, kando ya pazia. Aliamka pazia likiwaka, akatoka mbio akauacha mlango wazi, na moshi ukaingia koridoni. Alipofika kwenye ngazi alibonyeza kitufe cha dharura cha ghorofa yake. Kimya. Akakibonyeza tena, kimya vilevile, ndipo akateremka huku akipiga kelele.

Mlinzi akakimbilia kitufe cha mapokezi, kile anachokijua. Safari hii ving'ora vilijibu, lakini kwa namna ya ajabu: vilitoa mlio mfupi chini ya sekunde moja, vikanyamaza, vikatoa mwingine, vikanyamaza, hivyo hivyo mfululizo. Mkazi mmoja wa ghorofa ya nne aliniambia alidhani ni simu ya jirani inayoishiwa chaji, akajifunika shuka. Watu waliamshwa kwa kugongewa milango. Wenzao wawili walizima moto kwa mitungi ya koridoni na ndoo za maji, na zimamoto walioitwa kwa 114 walikuta umeshazimwa. Kitanda, pazia na sehemu ya dari ya chumba kimoja viliungua. Hakuna aliyeumia.

## Tulichokikuta

Nilipofika Jumatano, mwenye hosteli alinipokea na hukumu mkononi: mlinzi wa mchana alikuwa anaandika uongo. Ushahidi wake ulikuwa mstari wa 61. Jumatatu iliyofuata moto, siku mbili kabla sijafika, daftari lilikuwa limeandikwa "sawa" kama kawaida.

Mlinzi mwenyewe ni mtu mzima, wa rika la baba yangu. Baada ya shikamoo nilimwomba anionyeshe anavyofanya.

"Fundi, mimi Jumatatu zote nimebonyeza," alisema. "Hata hiyo juzi. Ililia yote, mpaka huko juu."

"Nakuamini, mzee. Nionyeshe tu."

Akatoa ufunguo mdogo wa majaribio mfukoni, akauingiza chini ya kitufe cha mapokezi, kioo cha plastiki kikashuka, na ving'ora vyote 24 vikalia kwa nguvu. Akarudisha kioo mahali pake, akaiweka upya paneli, akafungua daftari tayari kuandika. Hakuwa mwongo hata kidogo.

Nikazunguka na tochi. Tundu la ufunguo la kitufe cha mapokezi lilikuwa linang'aa, plastiki yake imelika kwa kutumika. Matundu ya vitufe vingine kumi yalikuwa na vumbi, na la kile cha ngazi ya ghorofa ya nne lilikuwa na utando wa buibui. Jumatatu zote 61 zilikuwa za kitufe kimoja. Mzee alieleza sababu bila kusita: fundi aliyefunga mfumo alimwonyesha kwa kitufe hicho, na safu ya daftari haikuuliza ni kitufe kipi.

Kitufe cha ghorofa ya tatu nilikijaribu kwa ufunguo uleule. Paneli haikushtuka. Vitambuzi viwili vya korido hiyo navyo nikavipulizia moshi wa majaribio, hakuna kitu. Ghorofa nzima ilikuwa imekatika, na bado taa ya zoni 3 kwenye paneli haikuonyesha hitilafu yoyote. Nilipofungua kifuniko cha paneli nikakuta rezista imebanwa moja kwa moja kwenye terminali za zoni 3, palepale waya unapotokea. Zoni nyingine zote rezista zao zilikuwa mwisho wa laini, zinakotakiwa. Waya wenyewe tuliukuta umekatika kwenye kisanduku cha maungio, juu ya dari iliyokuwa imefanyiwa ukarabati zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Kilichotokea kinasomeka chenyewe. Waliokarabati dari walikata waya, taa ya njano ikawaka, akaitwa mtu wa "kuiondoa ile taa". Naye akaiondoa. Aliiwekea paneli rezista mlangoni, ikadhani inaona mwisho wa laini wakati inaona pua yake. Kazi ya dakika tano, na daftari halina hata neno moja kuihusu. Nani aliifanya, hatukujua.

Zikabaki betri. Zilikuwa zilezile za siku ya kufungwa mfumo, na moja imevimba ubavuni kiasi cha kuhisika kwa kidole. Mita ilisoma volti 26.3 kwa zote mbili pamoja, namba ambayo ingemridhisha mtu yeyote mwenye haraka. Nikashusha swichi ya umeme wa paneli, nikasubiri dakika tano, nikabonyeza. Ving'ora vililia vizuri dakika nzima. Volti zilishuka hadi 23.4, lakini vililia. Mwenye hosteli akanitazama kama aliyeitiwa fundi asiyeona tatizo.

## Maamuzi na sababu zake

Hapo palikuwa na uamuzi wa kwanza. Ningeweza kubadilisha betri palepale, zilikuwa na miaka mitano na zilistahili. Lakini nilitaka kujua kama ndizo zilizosababisha ile milio ya kukatika, au kuna kingine kwenye paneli ambacho kingebaki hata baada ya betri mpya. Kwa hiyo niliamua kuurudia usiku ule mchana. Wakazi waliarifiwa, matroni na mlinzi wakawa wanapita ghorofa zote kila nusu saa, na paneli nikaiacha bila umeme kuanzia saa 3 asubuhi.

Saa 12 jioni, baada ya saa tisa kamili, betri zilisoma volti 22.9. Nikabonyeza. Mita ikaporomoka hadi 18 ndani ya sekunde chache, paneli ikazimika, ving'ora vikanyamaza. Mzigo ulipoondoka betri zikapumua, volti zikapanda, paneli ikawaka tena, ikaona kitufe bado kimebonyezwa, ikawasha ving'ora, ikazimika. Ndiyo ile "simu inayoishiwa chaji". Matroni alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema neno moja tu: "Yenyewe."

Jioni hiyohiyo nilifunga betri mpya za ujazo uleule. Mwenye hosteli alitaka kubwa zaidi, nikamkatalia, kwa sababu hesabu haikuonyesha kwamba zile za awali zilikuwa ndogo. Kiwango cha Uingereza cha BS 5839-1, ambacho mafundi wengi hapa tunakifuata, kinataka betri zibebe mfumo saa 24 ukiwa kimya, kisha nusu saa ving'ora vyote vikilia. Nilipima mkondo: ampea 0.12 mfumo ukiwa kimya na ampea 0.9 ukilia. Hesabu yake ni hii:

```
1.25 x (24 x 0.12 + 1.75 x 0.9 x 0.5) = 4.6 Ah
```

Ile 1.25 ni akiba ya uzee wa betri. Ile 1.75 ipo kwa sababu betri inayovutwa kwa nguvu hutoa pungufu ya ujazo ulioandikwa ubavuni. Zinatakiwa ampea-saa 4.6, na zilizofungwa ni za 7. Aliyefunga mfumo alipiga hesabu vizuri. Betri zilizeeka tu, tena mapema, kwa sababu kabati lile halina tundu la hewa: saa 8 mchana ndani yake nilipima nyuzi 38. Betri za aina hii hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi joto lililokusudiwa, ambalo watengenezaji wengi huliweka kati ya 20 na 25.

Zile za zamani nilizipeleka karakana, nikazijaza, kisha nikazimwaga kwa mkondo wa ampea 0.35 hadi kila moja ikafika volti 10.5. Betri nzima ya ampea-saa 7 hukaa saa 20 kwa mkondo huo. Iliyovimba ilikaa saa 3 na dakika 50, yaani ampea-saa 1.3. Mwenzake ilikaa saa 7. Zikiwa kwenye mfuatano, dhaifu ndiyo inayoamua. Na usiku wa moto, saa tisa za ukimya zilikuwa zimeshakula karibu ampea-saa 1.1 kabla mtu hajabonyeza chochote.

Uamuzi wa pili ulihusu paneli. Mwenye hosteli aliuliza kama anunue ya kisasa. Nilimshauri asubiri. Paneli haikuwa imeharibika, na mpya ingejaribiwa kwa utaratibu uleule wa kitufe kimoja. Fedha kidogo alizokuwa nazo ziliingia kwenye kuunga waya wa ghorofa ya tatu, kurudisha rezista mwisho wa laini na kutoboa matundu ya hewa kwenye kabati.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kuandika upya jaribio la kila wiki. Vitufe vyote vilipewa namba, 1 hadi 11, kwa stika ubavuni. Kila wiki kinajaribiwa kimoja, kwa zamu, kwa hiyo katika wiki 11 vyote vimeguswa. Siku nayo ilihamishwa: Jumatatu saa 4 asubuhi wanafunzi wako darasani, hakuna wa kusema kwamba chumbani kwake hakusikiki. Sasa ni Jumamosi saa 4, muda uleule kila wiki, na ving'ora vinalia chini ya dakika moja ili mlio mrefu usije ukazoeleka kuwa ni majaribio.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi jaribio linafanywa umeme wa paneli ukiwa umezimwa. Mlinzi anasoma volti kabla ya kubonyeza, anazisoma tena ving'ora vikiwa vinalia, anaandika namba zote mbili, kisha anarudisha swichi na kuhakikisha taa ya njano imezimika. Hilo la mwisho nililiandika kwa kalamu nyekundu, maana paneli iliyosahaulika bila umeme Jumamosi itakuwa imekufa Jumatatu. Betri mpya zilisoma 25.8 kabla na 25.1 wakati wa mlio. Namba hizo niliziandika kwa maka kwenye mlango wa kabati kwa ndani, pamoja na tarehe ya kufunga. Nikaweka na mpaka: ikisomeka chini ya 24 wakati wa mlio, niitwe. Mpaka huo ni wangu, haumo kwenye kiwango chochote, na nisingeupeleka kwenye jengo lingine bila kupima upya.

## Matokeo

Wiki ya nne, kitufe namba 9 hakikufanya kazi. Kiko kwenye ngazi ya nje inayotazama bahari, na swichi yake ya ndani ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi. Kilibadilishwa kwa cha kufungwa nje chenye mpira wa kuzuia unyevu. Hakuna anayeweza kusema kilikufa lini.

Kitufe namba 6 kilituletea shida nyingine. Kiko ndani ya korido ya wasichana, ghorofa ya pili, na mlinzi haruhusiwi kuingia. Zamu mbili mfululizo daftari liliandikwa "imefungwa". Mwenye hosteli alikasirika, mimi nilifurahi: ni mara ya kwanza daftari lile lilitaja jambo lililoshindikana. Siku hizi vitufe namba 5 na 6 vinajaribiwa na matroni, mlinzi akiwa chini kwenye paneli, wakiwasiliana kwa simu.

Baada ya miezi mitano umeme ulikatika kwa saa 11 usiku kucha. Asubuhi, kabla haujarudi, matroni aliamua mwenyewe kujaribu. Volti 25.0 kabla, 24.4 wakati wa mlio, ving'ora vyote vililia bila kukatika. Hakuna aliyemwagiza. Aliandika yote kwenye daftari, na pembeni akaongeza kwamba chumba cha mwisho cha ghorofa ya nne kinasikia kwa mbali mlango ukiwa umefungwa.

## Uchambuzi

Jambo linalonisumbua katika kisa hiki ni kwamba jaribio la kila wiki lilifanywa kwa uaminifu na majibu yake yalikuwa ya kweli. Lilikuwa likiuliza swali moja mara 61: je, kitufe cha mapokezi kinaweza kuwasha ving'ora umeme ukiwepo? Jibu lilikuwa ndiyo, hata siku tatu baada ya moto. Hapakuwahi kuwa na wiki iliyouliza kuhusu ghorofa ya tatu, wala kuhusu betri.

Kuhusu betri, watu wengi wanadhani kengele ikilia basi na betri ni nzima. Umeme ukiwepo, ving'ora vinalishwa na pawasaplai ya paneli. Ukizichomoa betri ukabonyeza, katika paneli nyingi vitalia vilevile. Na paneli ya aina hii, ya miaka ile, inachoweza kugundua ni betri iliyochomoka au volti zilizoshuka sana. Uzee haiuoni, kwa sababu betri mzee ikiwa kwenye chaja inaonyesha volti nzuri tu, kama mtu aliyeketi asiyejulikana kwamba hawezi kupanda ngazi.

Hata jaribio la kuzima umeme lina mipaka, na hapa nakiri lilikaribia kunipoteza. Betri zilizochajiwa siku tano zilistahimili dakika moja. Ningeandika "sawa" na kuondoka, ningekuwa nimerudia kosa la mlinzi kwa gharama kubwa zaidi. Dalili ilikuwa kwenye namba: kushuka kutoka 26.3 hadi 23.4 ni karibu volti tatu, wakati betri mpya zilishuka kwa 0.7. Lakini ili ulione hilo unahitaji namba ya siku ya kwanza, na daftari lenye neno "sawa" halina namba ya siku yoyote. Ndiyo maana sasa nasisitiza safu ya volti kuliko safu ya sahihi. Namba zikishuka kidogo kidogo mwezi hadi mwezi zinaonekana kwa jicho, na betri zinabadilishwa kabla hazijafika mahali pa kubishaniwa.

Jaribio la kumwaga betri kwa saa nyingi ndilo linalosema ukweli wote, ila si la kufanywa kila mwezi na mlinzi. Ukishazimwaga, jengo halina akiba hadi zijae tena, na chaja ya paneli inayofuata viwango vya Ulaya vya EN 54 inaruhusiwa kuchukua saa 24 kuzifikisha asilimia 80. Umeme ukikatika usiku huo, umejitengenezea tatizo lilelile. Pale hosteli nalifanya mara moja kwa mwaka, karakana, nikiwa nimewaachia jozi nyingine ya betri. Na kwa joto la kabati lile, hata kwa matundu mapya, nimepanga zibadilishwe kila miaka miwili bila kujali mita inasema nini.

Taa ya njano nayo ina sehemu yake. Kwenye paneli ile, taa moja na mlio mmoja vinabeba habari mbili: umeme hakuna, na betri ina tatizo. Mahali ambapo umeme unakatika kila wiki, habari ya kwanza inaifunika ya pili. Mlinzi wa usiku alifundishwa na umeme wenyewe kwamba mlio ule si kitu. Sikumlaumu. Tulichobadilisha ni kwamba akinyamazisha anaandika saa aliyonyamazisha, na umeme ukirudi anaandika kama taa imezimika. Isipozimika ndani ya saa moja tangu umeme urudi, hiyo si habari ya umeme tena.

Rezista ya zoni 3 ndiyo hitilafu ambayo vipimo vyote vya betri visingeigusa. Wala paneli isingeisema, kwa sababu alidanganywa msemaji mwenyewe. Njia pekee ya kuigundua kutoka nje ilikuwa kubonyeza kitufe cha ghorofa hiyo. Zamu ya vitufe ingeifikia ndani ya wiki 11 tangu waya ukatwe. Daftari nalo lingesaidia kwa njia nyingine: kama ingekuwa desturi kwamba kila anayefungua paneli anaandika jina, tarehe na alichogusa, yule bwana angelazimika kuandika "nimehamisha rezista", na mtu kuandika kwa mkono wake jambo kama hilo si rahisi. Siku hizi ufunguo wa paneli umefungwa kwa uzi kwenye daftari. Huwezi kuuchukua mmoja bila mwingine.

Kilichofanya kazi vibaya kwa upande wangu ni lile la kitufe namba 6. Nilipanga zamu kwenye karatasi bila kuuliza nani anaruhusiwa kuingia wapi, jambo ambalo matroni angenieleza kwa dakika moja. Vitambuzi moshi vya korido pia havimo kwenye utaratibu wa walinzi. Vinajaribiwa na mimi, nusu yake kila ninapokuja, mara mbili kwa mwaka, na kati ya ziara hizo hosteli inaamini taa ya paneli.

Chumba cha mwisho cha ghorofa ya nne nilikwenda kukipima kwa mita ya sauti wiki iliyofuata ule ujumbe wa matroni. Kiwango kinataka desibeli 75 kwenye mto wa kitanda pale wanapolala watu. Mlango ukiwa umefungwa nilipata 68. King'ora cha ziada kimeagizwa, na kitaongeza mkondo wa mlio, kwa hiyo namba zilizoandikwa mlangoni mwa kabati itabidi zifutwe na kupimwa upya.